Chapati Mbili na Madondo: Kukadiria Wanga, Protini na Mafuta ya Chakula cha Kibandani

Ifikapo saa saba mchana, vibanda vilivyo karibu na steji ya magari mjini Kitale huwa vimejaa. Mafundi, makondakta, wanafunzi wa vyuo na wakulima waliokuja kununua mbolea huagiza chakula kile kile: chapati mbili na sahani ya madondo. Ni chakula cha bei nafuu na kinashibisha hadi jioni. Hata hivyo hakiji na karatasi inayosema ndani yake mna nini. Maelezo ya virutubishi huandikwa kwenye vyakula vilivyofungashwa, kama unga, maziwa na mkate. Chapati iliyotoka kwenye kikaango haina lebo.

Kwa wateja wengi hilo si neno. Lakini kwa mkazi mwenye kisukari ambaye ameambiwa kliniki ahesabu wanga wa kila mlo, hasa anayejidunga insulini, sahani hiyo ni mtihani. Anayejaribu kupunguza uzito hukutana na mtihani wa aina nyingine, kwa sababu yeye anatafuta mafuta. Makala haya yanaeleza njia ya kufikia makadirio yanayofaa pasipo kumwomba mama wa kibanda mapishi yake, na yanaonyesha mahali ambapo makadirio hayo hupotoka.

Kosa linaloanzia kwenye simu

Watu wengi wanaohesabu wanga siku hizi hutafuta neno “chapati” kwenye simu. Jibu linalokuja mara nyingi ni gramu 15 hadi 20 za wanga kwa chapati moja. Nambari hiyo ni sahihi, ila ni ya chapati nyingine. Ni ya ile ya Kihindi iliyo nyembamba, ya unga usiokobolewa, inayookwa kwenye chuma kikavu na ambayo uzito wake ni kama gramu 40. Chapati ya Kitale ni nzito, ina tabaka, na imepakwa mafuta pande zote mbili. Jina ni moja, ila uzito wake ni takriban mara tatu.

Chukua mfano wa fundi wa kuchomelea vyuma anayefanya kazi Kitale na anayejidunga insulini kabla ya kula. Akifuata simu, chapati zake mbili zina gramu 36 za wanga. Kama itakavyoonekana hapa chini, zina takriban gramu 120. Insulini aliyojidunga ikiwa imepangwa kwa gramu 36, sukari yake itapanda mchana kutwa na hatajua sababu. Huenda hata akadhani dawa imeharibika.

Nambari zinazofaa zaidi zipo nchini. Serikali ya Kenya pamoja na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, zilitoa mwaka 2018 majedwali ya virutubishi vya vyakula vya Kenya, na kitabu cha pili cha mapishi ya Kenya. Vyote viwili vinapatikana bila malipo kwenye tovuti ya FAO, na afisa wa lishe anaweza kumsaidia mkazi kuvisoma. Hata hivyo jedwali huhesabu kwa kila gramu 100. Haliwezi kujua mama wa kibanda fulani anakata donge la ukubwa gani. Hiyo ndiyo kazi inayobaki kwa mteja.

Usiulize mapishi, uliza hesabu

Mfanyabiashara hapendi kuulizwa anatia nini kwenye chakula chake. Swali hilo linanuka mshindani, au afisa aliyekuja kukagua. Lakini kila anayeuza chapati anajua kwa kichwa jambo moja, kwa sababu faida yake inatoka hapo: paketi moja ya unga inatoa chapati ngapi. Nalo hulisema bila shida.

“Mama, siku hizi paketi ya kilo mbili inakutolea chapati ngapi?”

“Ishirini na tano, mwanangu. Nikizikata kubwa sipati kitu.”

Jibu hilo linatosha kuanza. Paketi ni gramu 2,000. Ukigawanya kwa 25 unapata gramu 80 za unga kwa kila chapati. Maji yaliyotumika kukandia hayaongezi wanga, protini wala mafuta, kwa hiyo hayaingii kwenye hesabu. Chumvi nayo vivyo hivyo. Sukari kidogo ambayo baadhi ya wapishi hutia kwenye unga, ikigawanywa kwa chapati 25, haibadilishi jibu.

Sasa soma upande wa nyuma wa paketi ya unga wa chapati dukani. Utaona kwamba gramu 100 za unga zina wanga wa takriban gramu 75, protini gramu 10 hivi, na mafuta gramu moja au moja na nusu. Gramu 80 za unga basi zina wanga gramu 60, protini gramu 8 na mafuta gramu 1. Chapati mbili zina wanga gramu 120. Unga wa kahawia hausaidii sana hapa kama watu wanavyodhani. Una nyuzinyuzi zaidi, lakini wanga wake hupungua kwa gramu chache tu.

Je, kama mama amekosea? Tuseme kweli ni chapati 23, au 28. Katika hali ya kwanza wanga ni gramu 65 kwa chapati, katika ya pili ni gramu 54. Jibu limeyumba kwa gramu tano au sita tu. Ndiyo maana swali la paketi ni zuri: hata likijibiwa kwa makadirio, halipotoshi sana.

Mafuta ndiyo yanayosumbua

Mafuta hayahesabiki kwa urahisi huo. Baadhi huingia kwenye donge wakati wa kukanda, mengine hupakwa ndani chapati inapokunjwa, na mengine huongezwa kwenye kikaango. Tena mafuta hayo hayo yaliyo kwenye mtungi hukaanga mandazi asubuhi na vitunguu vya madondo baadaye. Kumwuliza mama mtungi wake unaisha baada ya siku ngapi hakusaidii, kwa kuwa hakuna ajuaye kiasi kilichoenda kwenye chapati.

Swali linalofaa ni la siku moja na kazi moja: chupa ya nusu lita inapika paketi ngapi za chapati? Tuseme anajibu paketi moja na nusu, yaani chapati 37 au 38. Nusu lita ya mafuta ya kupikia ina uzito wa gramu 460 hivi, kwa sababu mafuta ni mepesi kuliko maji. Ukigawanya unapata gramu 12 kwa kila chapati. Ukiongeza ile gramu moja ya kwenye unga, ni gramu 13.

Asiyependa kuuliza anaweza kutazama. Kijiko cha mezani kilichojaa mafuta ni gramu 13 au 14. Mpishi akimimina nusu kijiko upande mmoja na nusu upande wa pili, tayari gramu 12 au zaidi zimeingia, mbali na zile zilizofichwa ndani ya mikunjo. Chapati ambayo ukiichana inaachana tabaka kwa tabaka imepakwa mafuta ndani, kwa maana mafuta ndiyo yanayozuia tabaka kushikana. Isiyoachana ina mafuta machache.

Hata hivyo, kwa mafuta, mteja asijidanganye kwamba amepata nambari kamili. Gramu 12 zinaweza kuwa 8 au 20, na mikono miwili tofauti kwenye kibanda kimoja hupata matokeo tofauti. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, wakati gramu ya wanga au ya protini ina 4. Kosa la gramu 8 kwa kila chapati, kwa chapati mbili, ni kalori 144 zisizoonekana. Kwa anayefuatilia uzito, hapa ndipo hesabu inapovuja. Kwa anayefuatilia sukari, kosa hilo ni dogo, ingawa mafuta yana hila yake itakayoelezwa baadaye.

Sahani ya madondo

Maharagwe nayo hununuliwa kwa kipimo na kuuzwa kwa idadi, kwa hiyo swali ni lile lile. Gorogoro moja ni karibu kilo mbili za maharagwe makavu. Mama akisema gorogoro inamtolea sahani 25, kila sahani imebeba gramu 80 za maharagwe makavu, hata kama kwenye sahani yanaonekana mengi kwa sababu yamenyonya maji na uzito wake umezidi mara mbili.

Maharagwe makavu yana protini ya takriban gramu 22 katika kila gramu 100, na wanga unaogeuka kuwa sukari mwilini wa takriban gramu 40. Sehemu kubwa ya kinachobaki ni nyuzinyuzi, ambazo hazipandishi sukari. Majedwali mengine hujumlisha nyuzinyuzi ndani ya wanga, na hapo nambari huruka hadi 60. Anayesoma jedwali aangalie kama nyuzinyuzi zimetolewa au la, vinginevyo sahani moja ya madondo itaonekana kuwa na wanga mwingi kuliko inavyostahili.

Kwa sahani yetu, basi, ni protini gramu 17 na wanga gramu 32. Kama sufuria nzima ilikaangiwa kwa kikombe kimoja cha mafuta, yaani robo lita, kila sahani inapata gramu 9 za mafuta, na maharagwe yenyewe huongeza gramu moja. Ila mafuta huelea. Mteja wa kwanza aliyepakuliwa kutoka juu hupata zaidi ya yule aliyepakuliwa mwishoni. Kitale, ambako asubuhi huwa na baridi, mafuta ya kuganda hujitokeza yenyewe: mchuzi ukipoa unaona ukingo mweupe kwenye sahani. Lakini mafuta ya maji hayagandi, kwa hiyo sahani isiyo na ukingo mweupe haijathibitisha kwamba haina mafuta.

Kuna njia ya kuhakikisha hesabu ya madondo. Mara moja tu, nunua sahani ile ile ya kubeba, nenda nayo nyumbani, chuja mchuzi kisha pima maharagwe kwa kikombe. Kikombe cha robo lita kilichojaa maharagwe yaliyoiva huwa na uzito wa karibu gramu 180, nacho kina protini gramu 15 au 16 na wanga gramu 27 hivi. Ukilinganisha na 17 na 32 tulizopata kwa gorogoro, tofauti ni ndogo. Sehemu yake huwa imeponda na kubaki kwenye mchuzi.

Jumla ya mlo wa fundi wetu ni hii: wanga gramu 120 za chapati na 32 za madondo, yaani 152. Protini ni 16 na 17, yaani 33. Mafuta ni 26 na 10, yaani 36. Ukizidisha, unapata kalori 1,064, ambazo ni busara kuziita “kama elfu moja na kidogo”, kwa kuwa tarakimu ya mwisho haina maana yoyote katika hesabu ya namna hii. Kilicho muhimu ni kwamba wanga ni karibu gramu 150. Simu ilikuwa imempeleka kwenye 68, hata baada ya kujumlisha madondo.

Safari ya Bungoma

Fundi huyu hupanda matatu mara mbili kwa wiki kwenda Bungoma kuchukua vyuma, akipitia Kiminini, Kamukuywa na Webuye. Huko anakula kwenye kibanda kingine, na njia yake ya maswali inagonga ukuta. Kijana anayeuza pale hapiki chapati. Huletewa asubuhi kwenye ndoo na mtu anayezipika nyumbani na kusambaza kwa hoteli kadhaa. Ukimwuliza paketi inatoa ngapi, anacheka tu.

Hapo inabidi kupima uzito. Mizani ya nyumbani inatosha, au mizani ya duka la nafaka kama mwenye duka ni mtu wa karibu. Usipime chapati moja, kwa sababu mizani nyingi za dukani hazisomi vizuri uzito mdogo, na chapati moja inaweza kuwa kubwa kwa bahati. Pima nne pamoja, kisha gawanya kwa 4.

Kuna ulinganisho unaosaidia. Chapati ya Kitale tuliyoijua kwa hesabu ya paketi, yenye unga gramu 80, ikipimwa huwa na karibu gramu 120. Theluthi mbili ya uzito wake ni unga, sehemu ya kumi ni mafuta, na iliyobaki ni maji yasiyokauka. Wanga wake wa gramu 60 ni nusu ya uzito wote. Nusu hiyo ndiyo ya kukumbuka: wanga wa chapati ya kawaida ya ngano ni takriban nusu ya uzito wake.

Sasa tuseme zile nne za Bungoma zimepata gramu 600. Kila moja ni gramu 150, kwa hiyo wanga ni gramu 75, protini gramu 10, na mafuta gramu 15 hivi kama zimepakwa kwa kiasi cha kawaida. Akila mbili kwa mazoea, amekula wanga gramu 150 badala ya 120. Ni kama kwamba ameongezewa nusu chapati ya Kitale bila kujua, ilhali kwenye sahani anaona mbili zile zile. Ukubwa wa mduara haumsaidii kuona tofauti, maana chapati nene na chapati pana hudanganya macho kwa namna mbili tofauti.

Kanuni ya nusu ina mipaka. Chapati za maji, zinazomiminwa kama uji mzito, hubeba maji zaidi na wanga wake huwa chini ya nusu. Zile za malenge au karoti, zinazotambulika kwa rangi ya manjano, nazo huwa chini. Na chapati ya jana iliyokauka huwa nyepesi, ilhali wanga wake haujapungua hata gramu moja, kwa hiyo nusu ya uzito wake itatoa nambari ndogo kuliko ukweli.

Kibanda hicho pia hutia viazi kwenye madondo. Viazi huongeza wanga na hupunguza nafasi ya maharagwe, kwa hiyo protini hushuka. Kipande cha kiazi kilichochemshwa chenye ukubwa wa yai la kuku kina wanga wa karibu gramu 10. Vipande vitatu vya ukubwa huo ni gramu 30, sawa na wanga wa sahani nzima ya maharagwe matupu. Vihesabu kwa macho kabla ya kuvikoroga.

Makadirio yanapochakaa

Nambari zilizopatikana leo hazidumu. Bei ya unga ikipanda, wauzaji wengi hawapandishi bei ya chapati, kwa sababu mteja amezoea kulipa sarafu fulani. Wanapunguza donge. Paketi iliyokuwa ikitoa 25 inaanza kutoa 30, na chapati inashuka hadi gramu 67 za unga, wanga gramu 50. Kwa anayejidunga insulini kwa hesabu ya zamani, kosa sasa linaelekea upande ulio hatari zaidi: chapati mbili zina wanga pungufu kwa gramu 20, na insulini imezidi. Kutetemeka, jasho jembamba, njaa ya ghafla na kuchanganyikiwa saa moja au mbili baada ya mlo ni dalili za sukari kushuka, na hapo kinachohitajika ni kitu cha sukari mara moja, kama soda ya kawaida au maji ya sukari, si chapati nyingine. Kila bei ya unga inapobadilika, uliza tena au pima tena.

Upande mwingine ni wa mafuta. Mlo wenye mafuta gramu 36 hutoka tumboni polepole, na maharagwe nayo hupunguza kasi. Mtu akipima sukari saa mbili baada ya kula, anaweza kuona nambari nzuri na kuamua kwamba alikadiria wanga kupita kiasi. Kisha sukari inaendelea kupanda hadi saa ya tatu au ya nne. Kwa hiyo mwenye kifaa cha kupima, anapojaribu hesabu ya kibanda fulani kwa mara ya kwanza, apime kabla ya kula, baada ya saa mbili, na tena baada ya saa nne. Nambari zikipishana sana na alivyotarajia kwa siku tatu au nne za mlo ule ule, kuna kosa kwenye hesabu, na mara nyingi liko kwenye uzito wa chapati.

Mkazi anayetumia insulini asibadilishe dozi yake kwa sababu ya hesabu aliyoifanya mwenyewe. Aandike kwenye daftari jina la kibanda, idadi ya chapati kwa paketi au uzito wa nne, sahani za madondo kwa gorogoro, na vipimo vyake vitatu vya sukari, kisha aende na daftari hilo kliniki ya kisukari. Mhudumu akiona gramu 150 za wanga mahali ambapo mgonjwa alikuwa akiandika “chapati 2”, ana jambo la kufanyia kazi. Wakati mwingine atabadilisha dozi. Mara nyingi ataanza kwa kupunguza chapati iwe moja na kuongeza nusu sahani ya madondo, ambapo kwa kibanda kile cha Kitale wanga hushuka kutoka gramu 152 hadi 108, na protini hubaki pale pale, gramu 33.